Pumu ya kazini kwa waokaji mikate, mafundi wa saluni na wapiga rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaokuja kliniki ya kifua hapa Unguja, na wengine waliopiga simu kutoka Wete na Chake Chake. Karibu yote yanazunguka jambo moja: kifua kinachobana siku za kazi na kufunguka ukiwa mbali nayo. Mwenye haraka aanze na swali la 4, kisha aende la 8 na la 9.

## Mwanzo

1. Pumu ya kazini ni nini?

Ni pumu iliyoletwa na kitu unachokivuta kazini. Mwili unakizoea kitu hicho kwa ubaya: badala ya kukipuuza, unakitambua kama adui. Siku nyengine ukikivuta, hata kidogo, njia za hewa zinavimba ndani, misuli yake inakaza na makohozi yanajaa. Ndiyo maana unasikia mluzi kifuani, unakohoa na unashindwa kumaliza ngazi ulizokuwa ukizipanda bila ya kufikiri.

Si udhaifu wa mtu, wala si lazima uwe umezaliwa katika familia yenye pumu.

2. Nimeoka boflo miaka saba bila ya tatizo. Itakuwaje unga unidhuru leo?

Mwili unahitaji muda kabla ya kuchukia kitu. Muda huo unaweza kuwa wiki chache au miaka mingi. Kwa unga wa ngano mara nyingi ni miaka. Kwa hadina ya rangi unaweza kuwa miezi tu. Wakati wote huo unajiona mzima, na kweli u mzima.

Mwili ukishabadilika, hesabu ya zamani haifanyi kazi tena. Vumbi ulilolivumilia miaka saba sasa linakushinda kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo ile hoja ya "mbona wenzangu hawaumwi" haisaidii: wenzako miili yao bado haijabadilika, na wengi wao haitabadilika kamwe.

3. Ni kitu gani hasa kinachodhuru katika kila kazi?

Kwa mwokaji ni vumbi la unga wa ngano wenyewe, na pia impruva, ile poda inayotiwa ili mkate uumuke vizuri. Ndani ya impruva mara nyingi mna kimeng'enya kiitwacho amilesi kinachotokana na kuvu. Kipimo chake ni kidogo sana, lakini ni chepesi kupeperuka na ni kikali kwa kifua.

Kwa fundi wa saluni, mkosaji mkubwa ni poda ya blichi. Ina chumvi ziitwazo pasalfeti, na poda inaruka pale tu unapoimimina kwenye bakuli kabla ya kutia peroksaidi. Rangi nyeusi ya nywele, ambayo wengine huichanganya kupata piko ya maharusi, inajulikana zaidi kwa kuchoma ngozi.

Kwa mpiga rangi wa magari, tatizo liko kwenye hadina inayochanganywa na rangi au kliya ya sehemu mbili. Mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Rangi ya duko inayokauka kwa thina peke yake haina hadina hiyo. Thina inawasha koo na kuumiza kichwa, lakini ni hadithi nyengine. Ukiona fundi anachanganya makopo mawili kwa vipimo kabla ya kupuliza, hapo ndipo pa kuwa macho.

## Kuzitambua dalili

4. Nitajuaje kama kifua changu kinatokana na kazi?

Anza na maswali mawili ambayo daktari yeyote wa kifua atakuuliza. Siku usizokwenda kazini, unapata nafuu? Na ukiwa safarini au likizoni kwa siku nyingi, unapata nafuu zaidi?

Ukijibu ndiyo hata kwa moja, inafaa kupima. Bado haijathibitika, maana wapo wanaopata nafuu wakipumzika kwa sababu nyengine, na wapo wagonjwa wa kweli ambao nafuu yao haionekani tena (tazama swali la 6). Lakini ni mlango wa kuingilia.

Angalia na pua. Kwa waokaji hasa, pua hutangulia kifua kwa miezi au zaidi: chafya mfululizo unapofungua gunia, kamasi jepesi, macho kuwasha. Watu husema ni mafua ya vumbi na kunywa tangawizi. Mwokaji mwenye chafya za kazini peke yake ana nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu bado kifua hakijaguswa.

5. Mbona kifua hunibana usiku nikiwa nyumbani, na kazini niko sawa?

Hili ndilo linalowapoteza wengi, hata baadhi ya waganga. Mwili unaweza kujibu kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya papo hapo: ndani ya dakika chache unabanwa, na hapo hakuna anayekosea. Namna ya pili inachelewa. Inaanza saa nne hadi kumi na mbili baada ya kukivuta kitu. Wapo wanaopata zote mbili.

Hebu fikiria mpiga rangi aliyepuliza kliya saa tisa alasiri pale gereji. Anafunga kazi, anasali magharibi, anakula, analala. Saa sita za usiku anaamka anakohoa, anakaa kitandani ameshika magoti. Nyumbani wanatafuta sababu iliyo karibu: feni, mto, paka, moshi wa ubani, wengine husema ni hasadi. Hakuna anayekumbuka saa tisa.

Kwa hiyo usiulize tu "kilinianza wapi". Uliza "saa kumi na mbili zilizopita nilikuwa nafanya nini". Na kama usiku mbaya zote zinafuata siku za kupuliza rangi, na siku za kupiga msasa na puti peke yake unalala vizuri, umeshapata habari kubwa ya kumpelekea daktari.

6. Napumzika Ijumaa, lakini Ijumaa pia nabanwa. Basi si kazi?

Huenda bado ni kazi. Mwanzoni mwa ugonjwa siku moja inatosha kufungua kifua. Ukikaa nao miezi, njia za hewa zinabaki zimevimba na siku moja au mbili hazitoshi tena. Nafuu inaanza siku ya tatu au ya nne, na wakati huo umesharudi kazini. Mtu wa namna hii anahisi anaumwa kila siku sawasawa, na pumu yake inaonekana kama ya kawaida.

Jibu ni kutafuta mapumziko marefu. Siku kumi mfululizo, au wiki mbili, zinasema zaidi kuliko Ijumaa kumi. Kwetu sikukuu za Idi ni nafasi nzuri ukiunganisha na likizo, au safari ya kwenda kwenu Pemba kwenye mavuno ya karafuu. Andika kifua kilivyokuwa kabla ya kuondoka, kilivyokuwa ulipokuwa huko, na hasa siku tatu za mwanzo baada ya kurudi. Kurudi kunasema kweli kuliko kuondoka.

7. Haiwezi kuwa kifua kikuu, au baridi ya kusi?

Inaweza, na kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe makohozi kwanza bila ya mjadala. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili na damu kwenye makohozi si dalili za pumu. Kifua kikuu pia hakichukui likizo. Hakijali kama leo ni Ijumaa.

Misimu nayo hubadilisha vifua. Lakini mabadiliko ya msimu yanakuja kwa miezi, si kwa ratiba ya zamu zako.

## Kupima mwenyewe

8. Nipime vipi nikiwa nyumbani na kazini?

Kifaa chake ni pikifloo, kibomba cha plastiki chenye namba na mshale mdogo. Kinaonyesha kasi ya hewa unayoitoa, kwa lita kwa dakika. Hakihitaji umeme.

Simama, rudisha mshale chini, vuta pumzi mpaka kifua kijae, banisha midomo vizuri, kisha puliza kwa nguvu na ghafla, kama unayezima mshumaa ulio mbali. Fanya mara tatu na uandike namba kubwa. Namba mbili kubwa zisipishane zaidi ya 20, zikipishana, rudia.

Pima mara nne kwa siku au zaidi: ukiamka, katikati ya kazi, ukimaliza kazi, na kabla ya kulala. Pima kabla ya kuvuta dawa. Endelea kwa wiki nne, siku za kazi na za mapumziko, na hakikisha ndani yake mna mapumziko marefu kadiri utakavyoweza. Tumia kifaa kilekile. Usibadilishe dozi ya dawa zako katika wiki hizo bila ya kumwambia daktari, kwa sababu hatutajua tena kilichopandisha namba ni dawa au ni kukaa mbali na kazi.

Pembeni ya namba andika ulichokifanya: "nimefungua magunia", "nimechanganya blichi mara mbili", "kliya". Na tafadhali usijaze daftari kwa kukumbuka. Namba zilizobuniwa jioni ya Alkhamisi huwa zimenyooka mno, na zinaweza kukunyima haki yako. Siku uliyosahau iache tupu.

9. Nikishaandika, daftari linasomwaje?

Tuchukue mfano wa fundi wa boflo mwenye miaka 38. Anaingia saa nne za usiku na kutoka saa kumi na mbili alfajiri, siku sita kwa wiki. Yeye ndiye anayemimina unga kwenye mashine ya kukandia.

Wiki mbili za kazi, namba zake zinakwenda kati ya 360 na 460. Ya juu ni anapoamka mchana kabla ya kuingia zamu, ya chini ni anapotoka. Tofauti ni 100, na katikati ya namba hizo mbili ni 410. Ukigawa 100 kwa 410 unapata kama asilimia 24. Kifua kizima hakiyumbi hivyo ndani ya siku moja. Ikifika asilimia 20 daktari anaanza kufikiria pumu. Siku yake ya mapumziko anafika 470 tu, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipokuwa amekata tamaa na kusema kazi haihusiki.

Kisha anakwenda Wete siku kumi. Siku mbili za mwanzo hakuna kitu. Siku ya tatu anaamka na 480. Siku ya sita ni 510. Siku za mwisho namba zake zote ziko kati ya 510 na 540. Tofauti ni 30, karibu asilimia 6. Halali tena na mito mitatu.

Anarudi kazini. Usiku wa kwanza anaingia na 530 na kutoka na 470. Usiku wa pili anatoka na 420. Usiku wa nne amerudi palepale, 370.

Tazama mambo mawili. La kwanza, namba zilipanda polepole na kushuka haraka, na ndivyo ilivyo kwa wengi. La pili, kama angepima wiki za kazi peke yake angeonekana ana pumu tu, bila ya jina la kazi. Siku kumi za Wete na nne za kurudi ndizo zilizozungumza.

10. Nikiwa nimefunga Ramadhani, niendelee kupima?

Kupuliza pikifloo ni kutoa hewa. Hakuna kinachoingia mwilini. Kuhusu pampu ya pumu, wanazuoni wana kauli tofauti, kwa hiyo muulize sheikh unayemwamini. Lakini usiache dawa ya kila siku kimyakimya. Mara nyingi daktari anaweza kukupangia dozi wakati wa futari na daku. Aliyebanwa atumie dawa yake ya kufungua. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa.

Jambo jengine: zamu za Ramadhani hubadilika, na viwanda vya mikate huzidisha kazi. Andika saa halisi ulizofanya, si zile za ratiba.

11. Hospitali nilipulizishwa mashine, nikaambiwa mapafu mazima. Mbona bado naumwa?

Ulipima siku gani? Pumu inakuja na kuondoka. Ukipimwa saa nne asubuhi ukiwa na siku tatu hujagusa kazi, majibu yanaweza kuwa mazuri kabisa. Kipimo kizuri cha siku moja hakifuti pumu ya kazini. Rudi na daftari lako la wiki nne.

Kwa unga na amilesi kuna pia vipimo vya mzio vya ngozi au damu. Kwa isosayaneti na pasalfeti vipimo vya namna hiyo havitoshi kukataa ugonjwa, ndiyo maana daftari ni muhimu zaidi kwa mpiga rangi na fundi wa saluni.

## Kuendelea na kazi

12. Kwani siwezi kutumia pampu na kuendelea kama kawaida?

Pampu ya kufungua inalegeza misuli kwa saa chache. Ile ya kupunguza uvimbe inasaidia zaidi. Lakini zote mbili ni kama kuteka maji chomboni huku tundu liko wazi. Ukiendelea kukivuta kitu kilekile, pumu inazidi, na sehemu ya pumzi unayoipoteza inaweza isirudi.

Wanaopona vizuri ni wale walioacha kukutana na kitu hicho mapema, hasa ndani ya mwaka mmoja tangu dalili kuanza. Hata hivyo, takriban theluthi moja tu ndio wanaopona kabisa. Waliobaki hupata nafuu lakini hubaki na pumu. Najua maneno haya yanavyoingia kwa mtu mwenye watoto skuli na fani moja mkononi. Nayasema kwa sababu miezi ile ya mwanzo haiji mara mbili.

Usiache kazi kwa kushuku tu, kabla ya kupimwa. Ukishaondoka, nafasi ya kuthibitisha kwa daftari imekwenda nawe.

13. Barakoa inatosha?

Inategemea kazi. Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali haizuii vumbi la unga ipasavyo, kwa sababu hewa inapita pembeni. Barakoa ya kuchuja vumbi, ya daraja la N95 au FFP3, inapunguza, kwa sharti ibane uso. Mwenye ndevu haimbani. Hewa inapita kwenye ndevu. Kwake yeye kinachofaa ni kofia yenye feni inayosukuma hewa iliyochujwa.

Kwa rangi yenye hadina, barakoa ya vumbi haina kazi kabisa. Anayepuliza anahitaji kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka kompresa yenye vichujio vya hewa ya kupumua. Usitegemee harufu: ukiisikia isosayaneti umeshavuta kiasi cha kudhuru, na harufu kali unayoisikia gereji kwa kawaida ni thina. Kosa ninalolisikia sana ni fundi kufunua uso mara tu anapoachia bunduki ili aangalie kazi. Ukungu bado uko hewani hata usipouona. Kupuliza uwanjani kuna nafuu kuliko chumbani, lakini mpuliziaji yuko ndani ya wingu lake mwenyewe.

14. Kiwanda chetu ni kidogo, hatuna mashine za kufyonza hewa. Tufanye nini na vumbi?

Vumbi jingi la kiwanda cha mikate linatoka kwenye mambo machache yanayoweza kubadilishwa leo. Gunia lifunguliwe likiwa ndani ya chombo, unga umiminwe taratibu kutoka karibu, si kutoka kifuani. Mashine ianze kwa mwendo wa chini na imefunikwa mpaka unga ulowe. Magunia matupu yasikung'utwe. Yakunjwe polepole kuanzia mdomoni. Mezani tumia mafuta badala ya kurusha unga kwa kiganja. Sakafu isifagiwe kavu, wala isipulizwe kwa hewa ya kompresa: futa kwa maji. Impruva ikipatikana ya maji au ya kukandika, chukua hiyo.

Haya yanalinda wazima. Kwa aliyekwisha kuugua ni nusu ya njia, na anafaa kuhamishiwa kazi isiyo na unga, kama usambazaji.

15. Saluni yetu ina eyakondishan. Hiyo si inasafisha hewa?

Hapana. Ile ya ukutani inazungusha hewa ileile na kuipoza. Changanyeni blichi karibu na dirisha lililo wazi au nje ya chumba cha wateja, na mnunue ya krimu au ya chembe zisizoruka badala ya poda.

16. Nina mzio wa unga. Nikila mkate nitabanwa?

Wengi hapana. Kinachowaumiza ni vumbi linaloingia kwenye mapafu, na mkate uliookwa wanaula bila ya tabu. Ukivimba midomo au kutoka vipele baada ya kula, hilo ni jambo jengine na daktari alijue.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nina pumu tangu utotoni. Ya kazini itajulikanaje?

Kuna mambo mawili. Pengine moshi wa kuni wa tanuri au harufu kali inachokoza pumu ya zamani. Hapo kupunguza moshi na kupanga dawa vizuri kunaweza kutosha. Au pumu mpya ya unga imeketi juu ya ile ya zamani. Dalili ya hili la pili ni pumu iliyokuwa imelala miaka mingi kuamka baada ya kuanza kazi, au dawa ya zamani kutotosha tena. Daftari ni lilelile la swali la 8.

18. Mimi sipulizi rangi, nafanya puti tu upande wa pili. Naweza kuugua?

Ndiyo. Aliyekwisha kubadilika mwili anaweza kubanwa na ukungu unaopeperuka kutoka kwa mwenzake. Hali kadhalika msichana wa kuosha nywele ambaye hajawahi kushika bakuli la blichi.

19. Nimwambie nini mwajiri?

Mpe barua ya daktari inayotaja kitu kinachokudhuru, si neno "pumu" peke yake, na uombe kuhamishwa kazi. Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005. Mfuko wa fidia wa WCF ni wa Tanzania Bara, usipoteze nauli kuufuata. Nakala ya daftari lako baki nayo.

20. Lini niache kuandika nikimbilie hospitali?

Usipoweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au pampu ya kufungua isipokushika. Kaa wima, vuta dawa hiyo mkupuo mmoja mmoja, minne hadi kumi, na urudie kila baada ya dakika 20 ukiwa njiani. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, pampu ikaingia tundu hilo barabara na mdomo ukawa kwenye shingo ya chupa, inafikisha dawa kifuani vizuri kuliko kupuliza moja kwa moja mdomoni.

21. Nimeacha kuoka miezi mitatu, na bado nakohoa. Nilikosea?

Hukukosea. Uvimbe wa ndani unashuka kwa miezi, na kwa wengine nafuu inaendelea kuongezeka hata baada ya mwaka mmoja au miwili. Endelea na dawa ya kupunguza uvimbe, na upime pikifloo wiki moja kila mwezi ulinganishe. Angalia pia kama unga bado unakufikia kwa njia nyengine: nguo za kazi za ndugu yako zinazokung'utwa uani, au mandazi unayokanda nyumbani kila alfajiri ili kuziba pengo la mshahara.